Sarafu kwa Mke, Vikombe kwa Mume: Kisa cha Karata Saba

Walifika kwangu kusomewa karata za taroti wakiwa wameshagombana njiani. Mume alivuta kiti hadi upande wa pili wa meza, mbali na mkewe, na kabla sijauliza chochote akasema, "Dada, tunataka kujua kitu kimoja tu. Tuzae au tusizae?" Mke akaguna, akatazama pembeni.

Wameoana miaka sita. Mke anataka mtoto. Mume anasema bado, pesa hazijakaa sawa, na hesabu yake alikuwa nayo kwenye simu, ameipanga safu kwa safu. Nilipowasikiliza kwa dakika kumi nikajiambia moyoni kwamba kisa chenyewe ni chepesi: mke ni Vikombe, kundi la karata za moyo, mume ni Sarafu, kundi la pesa na mali, na kazi yangu ni kuwapatanisha. Karata zilinikatalia, na ndiyo maana nakiandika kisa hiki. Mambo madogo nimeyabadilisha wasitambulike, ila karata na nafasi zake ni zilezile.

Kwanza swali. "Tuzae au tusizae" siliweki mezani, kwa sababu karata inayotoka hapo inageuka kura ya tatu. Ikiangukia upande wa mke, mume atasema ameshindwa na karatasi. Ikiangukia upande wa mume, mke ataibeba miaka. Swali la pili nisilolipokea ni "Je, tutapata mtoto?" Karata haipimi mwili. Niliwauliza waziwazi kama kuna jambo la kitabibu nyuma ya safari yao, kwa mfano mimba iliyotoka au majibu ya daktari wanayoyasubiri. Wangesema ndiyo, ningefunga karata siku hiyo na kuwaambia daktari aonwe kwanza. Walisema hapana, kila mmoja kwa sauti yake. Tukakubaliana swali liwe hivi: kila mmoja wetu analeta nini kwenye uamuzi huu, na nini kimekaa katikati yetu?

Pili, kiti. Nilimwomba mume ahame, akae bega kwa bega na mkewe. Si kwa ajili ya mapenzi. Wawili wakikaa wakitazamana, karata iliyosimama kwa mmoja imepinduka kwa mwenzake, na hapo utakuwa unasoma mipangilio miwili kwa wakati mmoja bila kujua. Kwa wanandoa huwa sisomi kabisa maana za karata zilizopinduka. Ikitoka kichwa chini naisimamisha, basi.

Kila mmoja alizichanga karata, mke akakata, mume akaunganisha. Nikatandaza saba. Safu ya kushoto ni ya mke, juu anachotaka na chini anachoogopa. Safu ya kulia ni ya mume, vivyo hivyo. Katikati ya safu hizo karata moja, kisichosemwa. Chini kabisa karata mbili zilizolala sambamba, moja njia ya kuwa na mtoto, nyingine njia ya kutokuwa naye. Zikatoka hivi: kwa mke, Kumi ya Sarafu juu na Saba ya Sarafu chini. Kwa mume, Mbili ya Vikombe juu na Sita ya Vikombe chini. Katikati, Mbili ya Panga. Njia yenye mtoto, Mbili ya Sarafu. Njia isiyo na mtoto, Tisa ya Sarafu.

Sarafu ndizo wengine wanaziita Pentakli. Kwa waliozoea karata za kawaida, kumbukeni kwamba kopa na uru tulizirithi kutoka kwa Wareno, na kwao majina hayo maana yake ni vikombe na dhahabu. Shupaza ni panga, pau ni fimbo. Hata turufu ni neno lao, na zile karata kubwa 22 za taroti kazi yake ya kwanza, huko Italia ya kaskazini katika karne ya 15, ilikuwa kuwa turufu za mchezo.

Turufu hakuna hata moja kati ya hizi saba. Anayeanza kusoma, aliyezoea kuzichukulia turufu kama sauti ya majaaliwa, ataruka na kusema mbingu zimenyamaza. Piga hesabu kwanza: ukitoa karata saba kutoka 78 za taroti nzima, kukosa turufu zote hutokea takriban mara moja katika kila mara kumi na moja. Si muujiza. Nikaichukulia kama ishara ndogo tu kwamba mazungumzo haya ni ya jikoni na chumbani, si ya majaaliwa.

Sasa tuje kwenye kosa nililokaribia kulifanya, na moja nililolifanya kweli.

Nililokaribia kulifanya ni la kuhesabu. Sarafu nne, Vikombe viwili, kwa hiyo pesa imeshinda, kwa hiyo mume ana haki. Wasomaji wengi wa karata husoma hivyo, na katika swali la mtoto ndipo usomaji huo unapoharibu zaidi, kwa kuwa wanachukulia Vikombe kuwa upande wa kuzaa na Sarafu kuwa upande wa kungoja. Angalia nafasi kabla ya kuhesabu. Sarafu mbili kati ya nne ziko kwa mke, yule ambaye wote watatu tulikuwa tumemwita moyo. Vikombe vyote viko kwa mume, mtu mwenye hesabu kwenye simu. Na njia zote mbili chini ni Sarafu. Maana yake gharama ipo ukizaa na ipo usipozaa, kwa hiyo pesa peke yake haiwezi kuwachagulia njia. Hili nilimwambia mume moja kwa moja. Akaitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi.

Nililolifanya kweli ni hili. Kumi ya Sarafu ilipofunuka, macho yangu yalikimbilia kwa mtoto aliyechorwa pale, nikamtabasamia mke. Sekunde moja tu. Mume aliona. Ilinibidi niombe radhi papo hapo na kusema kwamba mtoto yule amewekwa na mchoraji. Karata ninazotumia ni zile alizochora Pamela Colman Smith, zikatoka mwaka 1909. Ukichukua karata za mtindo wa Marseille, Kumi ya Sarafu ni sarafu kumi na maua, hakuna mzee, hakuna mbwa, hakuna mtoto. Picha ni mlango wa kuingilia mazungumzo. Ukiifanya ushahidi wa mimba, umewadanganya watu.

Basi nikatumia picha kama mlango. Njia yangu kwa visa vya namna hii ni kuiuliza kila karata swali la ndugu yake: Sarafu naiuliza swali la Vikombe, na Vikombe nakiuliza swali la Sarafu. Sarafu ikiachiwa ijieleze yenyewe itataja nyumba, mshahara na akiba hadi jioni. Ukiiuliza "wewe ni nani hapa, na unamkosa nani," inafunguka.

"Katika picha hii," nilimwuliza mke, "wewe ni yupi?" Nilitarajia aseme yule mwanamke aliye na mtoto ubavuni. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya mzee. Mzee ameketi nje ya tao, amevaa joho la mizabibu, mbwa wawili wako mbele yake. Mume na mke wa kwenye karata wamesimama wakizungumza, hawamtazami. Ni mtoto tu anayechungulia huku amenyoosha mkono kwa mbwa. "Sitaki kuwa huyu bila yule mtoto," akasema.

Hapo ndipo tulipojua mke anataka nini. Hataki tu mtoto mchanga wa kubeba. Anataka uzeeni awepo mtu wa kumtazama. Hilo ni jambo la Sarafu hasa: urithi, ukoo, nani atakaa nyumbani. Si aibu, ila ni tofauti na alivyokuwa akimwambia mumewe siku zote, kwamba "nyumba haina kelele." Na Saba ya Sarafu chini yake ikakaa mahali pake bila kusukumwa. Mkulima ameegemea jembe, sarafu sita ziko kwenye kichaka, moja iko miguuni pake. Amesimama, anangoja. Kwenye nafasi ya hofu, sikuisoma kama uvumilivu, ambayo ndiyo maana yake ya kawaida. Niliisoma kama muda. Kazi imefanyika, msimu unapita, na hajui kama atavuna. Mke akasema umri wake kwa sauti. Mume anaujua, bila shaka, lakini nadhani hakuwa ameusikia ukitamkwa hivyo.

Nikageukia kulia. Mbili ya Vikombe ni karata ambayo kila mtu huipenda: mwanamume na mwanamke wanapeana vikombe, juu yao fimbo iliyozongwa na nyoka wawili na kichwa cha simba chenye mabawa. Kwenye nafasi ya anachotaka mume, inasema anachotaka ni hawa wawili. Hakuna wa tatu pale. Mtu aliyedai pesa ndiyo tatizo, karata inamwonyesha mtu anayelinda kitu kingine kabisa. Nikamwuliza swali la Sarafu: "Hawa wawili wanapata saa ngapi pamoja kwa wiki? Saa halisi, si usingizi." Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia kwenye kidole cha nne. Kazi mbili, safari, uchovu. Anachokilinda mtoto asije akakichukua, kilikuwa kimeshachukuliwa na kazi.

Sita ya Vikombe ndiyo iliyonipa shida. Maana iliyozoeleka ni utoto, kumbukumbu tamu, zawadi: mvulana anampa msichana mdogo kikombe chenye maua, uani mwa nyumba kongwe. Kwenye nafasi ya hofu, msomaji mwenye haraka atasema "unaogopa furaha," kauli ambayo haina maana yoyote na mteja ataitikia kwa adabu. Sikusema kitu. Nilimwomba anieleze anachokiona. Wengi huanza na watoto. Yeye akaanza na mtu wa nyuma, yule mdogo upande wa kushoto mwenye mkuki begani, anayeondoka amewapa watoto mgongo. "Huyu anakwenda wapi?" akauliza.

Sikumjibu, na sikumwuliza kuhusu baba yake. Hilo nalisisitiza kwa wanaojifunza: unapoona mteja ameshika uzi, usiuvute. Mke ndiye aliyeweka mkono mgongoni mwake. Baadaye kidogo mume akasema mwenyewe kwamba aliwalea wadogo zake watatu, na kwamba mvulana yule anayetoa kikombe anaonekana mkubwa, lakini ukimtazama vizuri naye ni mtoto. Mimi nimeitazama karata hiyo miaka mingi na sikuwahi kuiona hivyo.

Tukafika katikati. Mbili ya Panga: mwanamke amefungwa kitambaa machoni, amekunja mikono kifuani na panga mbili zimepishana, nyuma yake maji na mwezi mwembamba. Kila kitabu kitakwambia ni kusitasita. Lakini hapa inafaa kutumia elimu ya asili nne, ambayo wasomaji wa leo wameirithi zaidi kutoka kwa Golden Dawn, chama cha elimu ya siri kilichoanzishwa London mwaka 1888, ambacho Pamela Colman Smith naye alikuwa mwanachama. Vikombe ni maji, Sarafu ni ardhi, Panga ni hewa, Fimbo ni moto. Katika elimu hiyo karata husomwa kwa majirani zake. Maji na ardhi ni marafiki, moto na hewa vilevile, zinapeana nguvu. Maji na moto ni maadui, na hewa na ardhi ni maadui. Zilizobaki zinavumiliana.

Tazama sasa. Vikombe vya mume na Sarafu za mke, ambazo wote tulidhani ndizo zinazogombana, kwa kanuni hii ni marafiki. Ugomvi uko kwenye karata ya katikati. Panga, hewa, imekaa ubavuni mwa Sarafu za mke na inazidhoofisha. Kwa Vikombe vya mume haina madhara makubwa. Vinakaa nayo kwa amani. Kwa lugha ya nyumbani: ukimya huu hauwaumizi sawasawa. Mume anaweza kuishi nao, kwa sababu wawili wakinyamaza wanabaki wawili, na wawili ndicho anachotaka. Mke anapoteza, kwa sababu kila mwezi wa ukimya unamega kile kile anachokiogopa, muda. Wanaposema "hatujaamua," mmoja wao ameshapata anachotaka na mwenzake anazidi kukikosa.

Nililisema hili polepole, nikimtazama mume, kwa kuwa linaweza kusikika kama shutuma. Sikumshutumu, kitambaa cha machoni ni kimoja na kimewafunga wote wawili. Lakini msomaji anayeogopa kusema nani anaumia zaidi ataishia kuwaambia "mzungumze zaidi," jambo ambalo walilijua kabla hawajaja.

Kuna Mbili tatu mezani: ya Vikombe, ya Panga, ya Sarafu. Hakuna Tatu hata moja. Nilitamani sana kusema "wawili wapo, wa tatu hajaja," sentensi tamu, ingekaa vizuri. Nikaimeza. Ingekuwa utabiri uliovaa nguo za ufasaha. Nilichosema ni kwamba Mbili tatu zinaonyesha jozi ileile katika hali tatu: ikipendana, ikinyamaza, na ikihangaika.

Ya kuhangaika ndiyo njia yenye mtoto. Kijana anacheza huku anazungusha sarafu mbili zilizofungwa na kamba ya umbo la nane lililolala, na nyuma yake merikebu zinapanda na kushuka mawimbini. Hiyo ni karata ya ardhi yenye bahari iliyochafuka mgongoni, na ndiyo maana naipenda kwa swali hili. Haisemi pesa zitatosha au hazitatosha. Inasema hazitatulia: kila wiki kitu kimoja kiko hewani na kingine mkononi, na hisia za nyumba zinapanda na kushuka pamoja. Nikawauliza nani ataamka usiku, na nani atapunguza kazi. Mke alikuwa na majibu. Mume alikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa la kweli.

Njia isiyo na mtoto ilitoa Tisa ya Sarafu, na hapa nilimwangalia mke kwa wasiwasi. Mwanamke amesimama peke yake katika shamba la mizabibu, amevaa vizuri, kozi aliyefunikwa kichwa yuko mkononi mwake, konokono anapita miguuni. Ni karata nzuri. Haifai kusomwa kama adhabu, eti "utakuwa na mali na upweke." Nimewasomea watu waliochagua njia hiyo na wanaishi vizuri ndani yake. Lakini niliiuliza swali la Vikombe, "nani mwingine yuko shambani?" na mume ndiye aliyejibu kabla ya mkewe: "Mimi simo." Mtu aliyetaka wawili wabaki wawili aliona karata ya njia yake ina mtu mmoja. Sikuongeza neno.

Mke akaomba tutoe karata moja zaidi, "ya kumalizia tu." Nilikataa. Ukiruhusu ya nane utaruhusu ya tisa, na zitaendelea kutoka hadi itakapotokea ile inayompendeza aliyeomba. Badala yake niliiondoa Mbili ya Panga kutoka katikati, nikaiweka ukingoni mwa meza, kisha nikazisogeza Kumi ya Sarafu na Mbili ya Vikombe zikagusana. Nikampa mume Kumi ya Sarafu aishike, mke nikampa Mbili ya Vikombe. Kila mmoja aeleze mwenzake anataka nini, kwa kutumia karata ya mwenzake, bila kutaja pesa na bila kutaja umri.

Mume alianza vibaya, akasema "anataka familia," nikamrudisha kwenye picha. Akamtafuta mzee, akasema, "Anaogopa kukaa nje." Mke aliposhika ya kwake alisema, "Anataka nimtazame kama zamani." Hapakuwa na la kuongeza. Dakika ishirini walizungumza wao kwa wao, nami nikaenda kuchemsha maji.

Uamuzi haukupatikana siku ile. Walichoondoka nacho ni tarehe, wiki sita mbele, ambayo baada yake "bado" haitakubaliwa kama jibu, na jioni mbili kila wiki ambazo kazi haiguswi hadi siku hiyo ifike. Tarehe aliitaja mke. Jioni mbili alizitaja mume.

Mume alitaka kupiga picha ya meza kabla sijakusanya. Karata ya katikati ilikuwa bado ukingoni, na pale palipoachwa wazi palionekana pazuri. Nilimwambia asubiri. Nikairudisha Mbili ya Panga mahali pake, ndipo akapiga.